Hotuba ya kulinda chemchemi ya kijiji: namna ya kuiandaa hatua kwa hatua

Hotuba nyingi za chemchemi ninazozisikia huku Pemba hazidumu hata usiku mmoja. Mzungumzaji anasema maji ni uhai, watu wanaitikia, dua inasomwa, na asubuhi nguo zinafuliwa pale pale. Si kwamba watu hawasikii. Hawakuambiwa uchafu unaingilia wapi hasa, na hawakuonyeshwa wahamie wapi. Mwongozo huu ni kwa mjumbe wa kamati ya maji, mwalimu au yeyote aliyeombwa na sheha asimame kuzungumza. Kazi kubwa iko kabla ya kusimama.

Hatua ya 1: Kakae chemchemini utazame

Nenda baada ya sala ya alfajiri, kisha urudi baada ya alasiri, maana wanaokuja nyakati hizo si watu wale wale. Usiende na daftari mkononi, watu watajirekebisha kwa ajili yako. Kaa, salimia, jaza dumu lako.

Nitachukua mfano wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Mkoani, chenye chemchemi chini ya kilima cha mikarafuu. Maji yanatoka kwenye jicho baina ya mawe mawili, yanaingia dimbwi dogo lenye upana wa kama mkeka wa kusalia, kisha yanateremka bondeni kwenye mpunga. Watu wanachota dimbwini kwa kata. Kata ikishatumika inawekwa chini kwenye tope, mwingine anaiokota na kuichovya tena. Jiwe la kufulia liko upande wa juu wa dimbwi, kwa hivyo povu na maji ya nepi yanarudi dimbwini. Ng'ombe wananywa hapo hapo magharibi, na watoto wanaoga humo mchana.

Yote hayo ni uchafuzi, lakini ukiyataja yote siku moja hakuna litakaloshikwa. Chagua moja au mawili yanayoleta madhara makubwa. Chupa ndizo zitakazokusaidia kuchagua.

Hatua ya 2: Chupa tatu

Muombe afisa afya wa wilaya chupa za kipimo cha H2S. Ni chupa ndogo zenye karatasi au unga wa dawa ndani. Unatia maji hadi kwenye alama, unafunga, unaziweka kivulini ndani ya nyumba. Joto letu la kawaida linatosha. Maji yenye vijidudu vya aina inayotoka kwenye kinyesi kwa kawaida hugeuka meusi ndani ya siku moja hadi mbili.

Ya kwanza jaza kwenye jicho lenyewe, maji yakitoka tu ardhini. Ya pili jaza dimbwini, mahali kata inapochovywa. Ya tatu tia maji yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo ya tatu ni kwa ajili ya yule atakayesema dawa yenyewe ndiyo nyeusi. Andika jina la kila chupa pembeni kabla hujaondoka, maana zikifika nyumbani zinafanana.

Katika kijiji hicho, chupa ya dimbwi iligeuka nyeusi kama wino wa pweza kesho yake. Ya jicho ilibaki safi, na ya maji ya kuchemsha pia. Maana yake ni kwamba kilima hakijaharibika. Maji yanachafuliwa hatua mbili baada ya kutoka, na wanaoyachafua ni wachotaji wenyewe. Hotuba yako imeshapata mada.

Ingekuwa chupa ya jicho nayo imegeuka nyeusi, usiite mkutano kwanza. Hapo uchafu huenda unatoka juu: choo cha shimo, zizi, au maji ya mvua yanayoingia nyuma ya jicho. Kanuni inayotumika sana ni choo kiwe mbali na chanzo cha maji si chini ya mita 30, na shimo lisifike kwenye maji ya ardhini. Kwenye mawe ya matumbawe hata umbali huo hautoshi kukupa amani, kwa sababu maji hupita kwenye nyufa bila kuchujwa. Ukigundua choo cha mtu ndiyo chanzo, nenda kwake na sheha, kwa faragha. Kumtaja mbele ya watu ni kumfedhehesha, na ukishamfedhehesha choo hakitahama.

Kipimo hiki kina mipaka yake. Weusi hausemi ni ugonjwa gani, na baadhi ya maji yenye salfa ya asili huweza kugeuka meusi bila kinyesi. Kwa hivyo usitamke kipindupindu ikiwa hakuna maabara iliyosema hivyo. Na chupa ikishageuka nyeusi usiifungue mbele ya watoto: imejaa vijidudu vilivyozaliana. Ukimaliza kuionyesha, itie Jiki, iache kwa muda, kisha imwage chooni.

Hatua ya 3: Tayarisha pa kuhamia kabla ya kumkataza mtu

Hatua hii ndiyo wengi wanairuka. Mama mwenye beseni la nguo kichwani hawezi kuhamia kwenye maneno. Kamati ya kijiji kile ilifanya kazi mbili kabla ya mkutano.

Kwanza walijenga ukuta mfupi wa mawe na saruji mbele ya jicho, wakapitisha bomba la plastiki la inchi mbili ili dumu litegwe chini yake, na kata isiwe na kazi tena. Hapa kuna jambo la kiufundi: bomba liwe chini kidogo ya usawa ambao maji yalikuwa yakitokea tangu zamani. Ukiyalazimisha maji kupanda juu ya usawa huo, jicho huweza kutafuta njia nyingine ardhini na likahama. Nyuma ya ukuta, upande wa kilima, walichimba mtaro wa kuyapeleka pembeni maji ya mvua, kiasi cha mita kumi kutoka kwenye jicho.

Pili walihamisha jiwe la kufulia, wakaongeza mengine mawili, wakayaweka chini ya dimbwi ambako maji hayarudi. Bila jiwe zuri, lililolala vyema, kinamama watarudi la zamani, na wana haki.

Kisha pima bomba kwa saa ya simu. Dumu la lita 20 lilijaa kwa sekunde 50, yaani lita 24 kwa dakika. Pima kiangazi, wakati maji yamepungua, ili usije ukaahidi usichonacho. Namba hiyo utaihitaji, kwa sababu hofu ya kwanza ya wachotaji ni foleni.

Hatua ya 4: Wakati na mahali

Pata idhini ya sheha, na mpitie imamu mapema. Tangazo baada ya sala ya Ijumaa ni zuri, lakini usiufanye huo ndiyo mkutano, kwa sababu wengi wanaochota hawapo. Waite baada ya alasiri, pale pale karibu na chemchemi au skuli. Usiite wakati wa uchumaji karafuu, utahutubia mikarafuu.

Hatua ya 5: Andika hotuba ya dakika saba

Iandike kwa maneno ya watu wako. Hii ndiyo iliyosomwa, nimeifupisha kidogo:

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu. Sikuja kumsema mtu. Nimekuja na chupa tatu.

"Hii ni ya maji ya kuchemsha. Safi. Hii nimeijaza jichoni, pale mawe yanapokutana. Safi. Na hii nimeijaza dimbwini, mahali tunapochovya kata. Mnaiona. Baina ya chupa hizi mbili ni hatua mbili tu. Mwenyezi Mungu anatupa maji yale, sisi tunakunywa haya.

"Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametutahadharisha tusijisaidie kwenye njia za maji, na akakataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama kisha akaoga humo. Kichocho tunakijua. Mkojo wa mtoto mgonjwa ukiingia dimbwini, mayai yanaanguliwa, yanaingia kwenye konokono, yanatoka yamekuwa kitu kingine, kinapenya ngozi ya mtoto mwingine. Vidonge vya skuli vinamtibu leo, lakini havimzuii kukipata tena kesho.

"Naomba mawili tu. Kuanzia kesho alfajiri, maji ya kunywa tuyatege bombani, kata ibaki nyumbani. Na kufua na kuoga kuwe chini, kwenye mawe mapya. Dumu moja linajaa kabla hujamaliza kumuuliza mwenzako habari za watoto. Mama zangu, twendeni sasa mkayaone mawe. Kama hayajakaa sawa, semeni leo."

Tazama mzungumzaji alivyoacha ng'ombe nje ya hotuba. Wenye ng'ombe ni wachache, waliitwa siku nyingine barazani kwa sheha wakaonyeshwa pa kunyweshea.

Unaposoma, zungusha chupa zipite mikononi mwa watu zikiwa zimefungwa. Usiongee zinapozunguka. Mnong'ono utakaousikia ni sehemu ya hotuba.

Hatua ya 6: Maswali matatu yatakayokuja

"Babu zetu walikunywa hapa hapa, mbona hawakufa?" Usibishane na marehemu. Jibu kwamba walikuwa wachache, hawakuwa na sabuni ya unga wala pampasi, na watoto wao wengi waliugua matumbo. Wazee wenyewe watalithibitisha hilo la mwisho.

"Mamlaka ya Maji italeta mfereji lini?" Usitoe ahadi isiyo yako. Sema ombi linapitia kwa sheha, na hadi mfereji ufike tunakunywa hapa.

La tatu huulizwa kwa sauti ya chini: chemchemi ina wenyewe, je, bomba halitawaudhi? Usicheke, hata kama huamini. Mzee anayeshika mambo hayo alipaswa kuwa ameonyeshwa kazi kabla haijaanza. Kwa kawaida yeye ndiye anayejua desturi ya zamani iliyokataza kutia sufuria yenye masizi dimbwini, na ukimpa nafasi aiseme mwenyewe, watu watamsikia kuliko wewe.

Likija suala la faini, liache kwa mkutano na sheha. Mzungumzaji akitangaza adhabu, kesho atageuka kuwa mlinzi.

Hatua ya 7: Rudi ukague

Baada ya wiki chache nenda ukalitazame jiwe la zamani. Likiwa limeota ukungu wa kijani, halifuliwi tena. Likiwa jeupe na linateleza kwa sabuni, muulize mama mmoja taratibu kwa nini. Mara nyingi jiwe jipya liko juani au liko chini mno kwa mgongo.

Pima tena chupa mbili: moja bombani, nyingine kwenye dumu lililokaa usiku nyumbani kwa mtu aliyekuruhusu. Ikiwa ya bomba ni safi na ya dumu ni nyeusi, ingiza kidole ndani ya shingo la dumu hilo. Ukikuta utelezi, mkutano unaofuata ufanyike majumbani, na uhusu kusugua madumu kwa changarawe na sabuni.