Somo: Jinsi ya kupanga bei ya kupiga picha za harusi, kuanzia saa hadi shilingi

Wapiga picha wengi wa harusi tunapanga bei kwa kuangalia jirani anatoza nini, kisha tunapunguza kidogo ili tupate kazi. Tatizo ni kwamba jirani naye alifanya hivyohivyo. Leo tutapanga kwotesheni moja kuanzia chini, kwa mfano wa harusi ya Jumamosi jijini Dar es Salaam: bibi harusi anapambwa saluni Sinza, ndoa ni saa nane mchana, picha za ufukweni jioni, halafu ukumbini Mbezi hadi saa sita usiku. Namba ni za mfano. Hesabu ndiyo ya kushika, kisha uweke namba zako.

Hatua ya 1: Jua saa yako moja inauzwaje

Anza na mwaka mzima, usianze na mwezi. Kazi yetu ina msimu: Kwaresma harusi za kanisani zinapungua sana, wakati wa Ramadhani nikaha nazo hupungua, halafu Desemba unakataa wateja. Ukipiga hesabu kwa kutumia mwezi wa Desemba, utajidanganya.

Tuseme matumizi ya nyumbani, pango la ofisi, LUKU, bando na leseni ya programu ya kuhariri vinafika shilingi 1,200,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 14,400,000. Ukipata harusi 36 kwa mwaka, na kila moja ikala saa 40 hivi, hizo ni saa 1,440 za kulipwa. Gawanya, unapata shilingi 10,000 kwa saa. Saa za kupokea simu, kujibu ujumbe na kumfuata mteja anayeahirisha hazimo humo, kwa sababu hakuna anayekulipa. Ndiyo maana hatukugawanya kwa saa zote za mwaka.

Hatua ya 2: Hesabu saa zote za kazi hii

Mteja anaona saa ulizosimama na kamera. Kwenye mfano wetu ni kuanzia saa sita mchana hadi saa sita usiku, yaani saa 12. Ongeza saa 3 za kukutana na maharusi, kwenda kuona ukumbi, kuchaji betri na kusafisha lenzi. Ongeza saa 2 za barabarani.

Sasa njoo kwenye kompyuta, mahali pesa nyingi zinapopotelea. Siku kama hii unarudi na picha 2,400. Kuchambua na kutupa zilizofumba macho ni saa 3. Unabaki na 450 za kumkabidhi mteja, na kila moja inakula wastani wa dakika moja na nusu: hiyo ni saa 11 na robo. Picha 30 za albamu zinataka kusafishwa ngozi na mandhari, dakika 10 kila moja, jumla saa 5. Kuzitoa, kutunza nakala mbili na kuzipandisha mtandaoni ni saa 2. Jumla ni saa 21 na robo, tuandike 21.

Huo wastani wa dakika moja na nusu usiukope kwangu. Chukua picha 20 za kanisani na 20 za ukumbini, washa saa ya simu, uzihariri. Picha ya dirishani kanisani utaimaliza kwa sekunde 40. Lakini pale ukumbini taa za LED za zambarau zinapompiga bibi harusi shavu moja na la pili likabaki na mwanga wa flashi yako, unaanza kutenganisha rangi ya ngozi upande kwa upande, na dakika 4 zinakwisha kwenye picha moja. Ndiyo maana nasisitiza kuuona ukumbi kabla ya kutaja bei.

12 + 3 + 2 + 21 = saa 38. Mara 10,000 ni shilingi 380,000. Ona kwamba saa za kompyuta ni nyingi kuliko saa za harusi yenyewe.

Hatua ya 3: Uchakavu wa vifaa

Kamera yenye shata ya kimakanika inachakaa kwa kila ukibofya. Watengenezaji hutaja kiwango. Kwa mfano Canon 5D Mark IV na Nikon D750 zimepimwa kwa mibofyo 150,000. Shata inaweza kupita hapo au kufa kabla, lakini ndiyo namba nzuri ya kugawia. Tuseme mwili wa kamera ulikugharimu 3,600,000, na ukishachoka utauuza 600,000. Kilicholiwa ni 3,000,000. Gawanya kwa 150,000, unapata shilingi 20 kwa kila picha, hata zile ulizofuta. Picha 2,400 zinakula 48,000.

Vingine vinahesabiwa kwa miaka. Lenzi unazotarajia zipoteze thamani ya 1,800,000 kwa miaka 5 zinakula 10,000 kwa kila harusi kati ya zile 36. Flashi, betri na memori kadi, weka 10,000. Kompyuta na diski za kutunzia picha, weka 15,000. Uchakavu wote ni shilingi 83,000.

Pesa hii itenge kweli, kwenye akaunti au laini nyingine ya simu. Shata ikikaribia kufa utaona kivuli cheusi kinakata sehemu ya picha, au mwanga unatofautiana juu na chini ya fremu ukipiga kwa kasi kubwa. Hapo unahitaji pesa wiki hiyohiyo, maana Jumamosi inayofuata kuna harusi nyingine.

Hatua ya 4: Usafiri na msaidizi

Saa sita usiku usirudi na bodaboda ukiwa na begi la mamilioni mgongoni. Weka teksi, na weka safari zote: kwenda saluni, kanisani, ufukweni, ukumbini, kurudi. Msafara wa maharusi ukikupa nafasi kwenye gari, vizuri, lakini usiupangie bei, kwa sababu dakika za mwisho nafasi hiyo hupewa shangazi. Mfano wetu: 60,000.

Msaidizi analipwa 70,000, na 10,000 ya kula na kurudi kwake. Jumla 80,000. Kama kazi yake ni kushika taa na kulinda begi, hesabu imeisha. Akishika kamera ya pili, hesabu inafunguka upya: picha zake 1,000 nazo zitachambuliwa na kuhaririwa, na kamera yake nayo inachakaa. Wengi humuongezea posho msaidizi na kusahau kuongeza saa zao wenyewe za kompyuta.

Hatua ya 5: Jumlisha, kisha andika

380,000 + 83,000 + 60,000 + 80,000 = 603,000. Hiyo ni sakafu yako. Chini ya hapo, ni wewe unayeichangia harusi. Ongeza asilimia 15 kwa ajili ya faida, wizi, na bei ya vifaa kupanda dola ikipanda: inafika 693,450. Tuandike 700,000.

Kwenye karatasi ya mteja usiandike uchakavu wa shata. Andika anachopata: kuanzia saa ngapi hadi saa ngapi, picha 450 zilizohaririwa, zitakuwa tayari lini, na kwamba albamu na fremu zina bei yake kulingana na bei ya maabara. Halafu andika bei ya saa ya ziada, maana ukumbini ratiba huteleza.

Saa ya ziada si 10,000. Kila saa ya harusi inazaa karibu saa moja na dakika 45 za kompyuta, kwa hiyo ni saa 2 na dakika 45, sawa na 27,500. Ongeza uchakavu wa picha 200, yaani 4,000, na 7,000 ya msaidizi: 38,500. Ukiweka asilimia 15 unafika 44,275. Andika 45,000.

Malipo: nusu ya kufunga tarehe, nusu ya pili kabla ya siku ya harusi. Ongea moja kwa moja na mweka hazina wa kamati. Kamati ikishavunjwa, kumpata mtu wa kukulipa deni ni kazi nyingine isiyo na saa zake.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Mteja ameniambia kuna mtu anafanya kwa 350,000. Nishuke?

Jibu: Marahaba. Usishushe bei ukabaki na kazi ileile, punguza kazi. Mpe saa 6, kanisani hadi kukata keki, bila msaidizi, picha 200, bila picha za albamu. Saa 6 za harusi, 2 za maandalizi, 2 za njiani na 10 za kompyuta ni saa 20, yaani 200,000. Uchakavu wa picha 1,000 ni 20,000, ongeza zile 35,000 za lenzi, flashi na kompyuta. Usafiri 40,000. Jumla 295,000, na kwa asilimia 15 ni 339,250. Andika 340,000 na utakuwa umepata faida yako. Akitaka siku nzima kwa bei hiyo, mwache aende.

Swali: Mkuu, mimi nimenunua kamera ya mtumba, Nikon D750, kwa 1,800,000. Nadhani uchakavu wangu ni nusu ya wako?

Jibu: Angalia kwanza imebofywa mara ngapi. Kwa Nikon, namba hiyo imo ndani ya faili la picha. Piga picha moja mpya, iweke kwenye kompyuta yenye programu ya ExifTool, fungua dirisha la amri kwenye folda ya picha hiyo, andika:

```
exiftool -ShutterCount DSC_0001.NEF
```

Ikisoma 90,000, umebaki na 60,000. Ukitarajia kuiuza 300,000 baadaye, gawanya 1,500,000 kwa 60,000: ni shilingi 25 kwa picha. Ya kwangu mpya ilikuwa 20. Kwa hiyo bei ya dukani ilikuwa ndogo, lakini kila picha inakugharimu zaidi.

Swali: Na sisi tunaotumia kamera isiyo na kioo, tukiweka shata ya kielektroniki?

Jibu: Hapo shata ya kimakanika haichakai, kwa hiyo hesabu mwili wa kamera kwa miaka, kama lenzi. Ila ndani ya ukumbi wenye LED jaribu kwanza: kwenye kamera nyingi shata ya kielektroniki inaleta mistari ya kiza kwenye picha, na utalazimika kurudi kwenye ya kimakanika. Pia mibofyo huongezeka kwa kuwa haina sauti, na kila picha ya ziada ni dakika za kuchambua.

Swali: Harusi ikiwa Morogoro nami niko Dar, naongeza nauli tu?

Jibu: Hapana dada. Treni ya SGR imefupisha safari, lakini ukumbi ukifungwa saa sita usiku utalala hukohuko. Weka nauli za watu wawili, chumba, chakula, teksi za Morogoro, na saa zako za safari kwa 10,000 kila moja, kwenda na kurudi. Kama Jumapili ungekuwa na kazi Dar na umeikosa, nayo iingize.

Swali: Msaidizi wangu ni mdogo wangu wa tumbo moja, hataki hela. Bado niandike 80,000?

Jibu: Andika, na umpe. Wiki akiwa na mitihani utamtafuta mtu wa nje, na mteja aliyezoea bei isiyo na msaidizi hatakuelewa.