Somo: Kupanga fremu na mti wa migeuzo ili leza isiuone ukuta mmoja kama kuta mbili

Roboti ninayoitumia katika somo hili ina magurudumu mawili yenye mota na kigurudumu kimoja cha kufuata nyuma. Tuliiunda katika karakana yetu hapa Mbeya ili isogeze kreti za parachichi ndani ya ghala moja huko Rungwe. Inaendeshwa na ROS 2, mfumo wa programu za roboti, juu ya kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na macho yake ni kihisi cha leza kinachopima umbali pande zote, nyuzi 360. Siku ya kwanza tulipoiwasha tuliweka kreti moja mbele yake, na kwenye skrini ya RViz, programu inayochora kile roboti inachokiona, kreti hiyo ikaonekana nyuma. Tulipoizungusha roboti palepale, ukuta wa ghala ukageuka kuwa mkanda mpana kama uliopakwa kwa brashi. Tulishuku leza, tukashuku nyaya, na ikapita nusu siku kabla hatujakubali kwamba kihisi kilikuwa kinasema kweli, ila sisi hatukuwa tumeiambia kompyuta kihisi kimekaa wapi na kimetazama wapi.

Mtu akikupigia simu akasema “Mlima Loleza uko mbele yangu, kushoto kidogo”, maneno hayo hayakusaidii mpaka ujue amesimama wapi na ameelekea upande gani. Kila kihisi huzungumza hivyohivyo, kwa kujirejelea chenyewe. Sehemu ya kusimama pamoja na mwelekeo wa mihimili yake mitatu ndiyo tunayoiita fremu, na maelezo ya jinsi fremu moja ilivyokaa ndani ya nyingine, yaani imesogea kiasi gani na imegeuka kiasi gani, ndiyo mgeuzo.

Hatua ya kwanza: chagua kitovu cha roboti. Fremu ya mwili wa roboti huitwa `base_link`. Kwa roboti ya magurudumu mawili, iweke katikati ya ekseli, baina ya magurudumu yenye mota, kwa sababu roboti ikijizungusha papo hapo nukta hiyo ndiyo isiyohama. Kanuni ya ROS, iliyoandikwa katika waraka wa REP 103, ni kwamba mhimili wa x huelekea mbele, y huelekea kushoto na z huelekea juu. Urefu hupimwa kwa mita, pembe kwa radiani, na kugeuka kushoto ndiko chanya.

Hatua ya pili: pima. Usipime kwa kukadiria kutoka ukingo wa kasha la leza, kwa kuwa kipimo kinachotakiwa ni cha mhimili ambao kichwa cha leza huzungukia. Sisi tulitumia timazi ya fundi mwashi: tulishusha uzi kutoka katikati ya ekseli, tukaweka alama ya chaki sakafuni, tukashusha uzi mwingine kutoka katikati ya kichwa cha leza, kisha tukapima baina ya alama hizo mbili. Tulipata mita 0.20 mbele na sifuri pembeni, na kimo cha mita 0.18 juu ya ekseli. Ndipo tukatazama mshale mdogo uliochorwa kwenye kasha na kugundua kwamba, ili waya upite vizuri, tulikuwa tumeifunga leza ikitazama nyuma. Huo ni mzunguko wa nyuzi 180, yaani radiani 3.14159.

Hatua ya tatu: tangaza mgeuzo. Kwa kuwa leza imefungwa kwa skrubu na haisogei, mgeuzo wake ni wa kudumu na hutangazwa hivi:

```
ros2 run tf2_ros static_transform_publisher \
  --x 0.20 --y 0 --z 0.18 \
  --roll 0 --pitch 0 --yaw 3.14159 \
  --frame-id base_link --child-frame-id laser
```

Jina `laser` lazima lifanane herufi kwa herufi na `frame_id` iliyomo katika ujumbe wa leza yenyewe. Angalizo jingine ni la radiani: ukiandika 180 mahali pa 3.14159, programu haitalalamika, bali itaizungusha leza mizunguko 28 kamili na kuiacha kwenye nyuzi 233 hivi, na utaona chumba kilichopinda bila sababu inayoeleweka.

Hatua ya nne: hakiki kwa hesabu ya mkono. Weka kreti mita 1.00 mbele ya ekseli. Leza iko mita 0.20 mbele, kwa hiyo kreti iko mita 0.80 kutoka kwake; lakini kwa kuwa leza imetazama nyuma, yenyewe husema kreti iko x = −0.80. Mgeuzo hufanya mambo mawili kwa mpangilio huu: kwanza huigeuza nukta nyuzi 180, ikawa +0.80, kisha huongeza 0.20, ikawa 1.00. Ukisahau kugeuza, unapata 0.20 − 0.80 = −0.60, na hiyo ndiyo kreti yetu iliyoonekana nyuma ya roboti. Ili kuona mgeuzo ambao kompyuta inautumia kweli, andika:

```
ros2 run tf2_ros tf2_echo base_link laser
```

Jibu ni mahali ilipo leza ndani ya `base_link`, kwa hiyo mstari wa `Translation` unapaswa kusomeka 0.200, 0.000, 0.180.

Hatua ya tano: jaribio la kuzunguka na jaribio la kwenda moja kwa moja. Hapa ndipo wengi huishia nusu. Katika RViz weka `Fixed Frame` iwe `odom`, fremu iliyotulia sakafuni ambayo nitaieleza katika hatua ya sita, na kwenye onyesho la leza ongeza `Decay Time` hadi sekunde 20 ili nukta za zamani zisifutike. Kisha izungushe roboti polepole, papo hapo, mzunguko mmoja mzima.

Ikiwa umbali wa leza kutoka kitovu haukutangazwa, ukuta ulio mita 2 kutoka kwenye ekseli utachorwa kwenye 1.80 roboti ikiutazama, na kwenye 2.20 ikiupa mgongo, kwa sababu leza yenyewe imezunguka duara la nusu kipenyo cha sentimita 20. Utaona mkanda wa upana wa sentimita 40 badala ya mstari. Jaribio hili basi hufichua kosa la mahali.

Hata hivyo, jaribio hilo karibu halioni kosa dogo la pembe. Leza ikiwa imepinda nyuzi 3 ambazo hukuzitangaza, chumba kizima huchorwa kimepinda nyuzi hizohizo 3 katika kila hatua ya mzunguko, na mistari hubaki myembamba na kukudanganya. Pembe hufichuka roboti inapoendeshwa moja kwa moja kando ya ukuta ulio ubavuni: baada ya mita 2, mstari wa ukuta utakuwa umehama sentimita 10 hivi, kwani 2 × sin 3° ni karibu 0.105. Usiutumie ukuta ulio mbele kwa jaribio hili, kwa kuwa huo hauhami kwa kiasi cha kuonekana. Kwangu mimi, majaribio haya mawili yana thamani kuliko rula yoyote, na huwa ninayarudia kila mara leza inapofunguliwa na kufungwa tena.

Hatua ya sita: kamilisha mti. Juu ya `base_link` kuna `odom`, na juu ya `odom` kuna `map`. Mgeuzo wa `odom` hadi `base_link` hutokana na hesabu ya magurudumu. Ni laini, hauruki, lakini makosa yake hujilimbikiza kadiri roboti inavyotembea. Programu ya kujitambua mahali kwenye ramani hurekebisha makosa hayo, na marekebisho yake huruka ghafla. Haiwezi kutangaza `map` hadi `base_link` moja kwa moja, kwa kuwa katika mti huu kila fremu ina mzazi mmoja tu, na `base_link` tayari ni mtoto wa `odom`. Kwa hiyo hutangaza `map` hadi `odom`, yaani kiasi ambacho magurudumu yamepotoka. Amri ifuatayo huchora mti mzima katika faili la PDF. Ukiona vipande viwili visivyoungana, kuna mgeuzo unaokosekana.

```
ros2 run tf2_tools view_frames
```

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Makambako:* Shikamoo mwalimu. Nimefuata hatua zote, lakini roboti ikigeuka kwa kasi ukuta unapinda, na ikisimama ukuta unarudi mahali pake. Pia ninapata ujumbe wa `extrapolation into the future`. Kosa ni la vipimo?

*Jibu:* Marahaba. Vipimo vikikosewa, kosa hubaki hata roboti ikisimama, kwa hiyo kosa lako ni la wakati. Kila ujumbe wa leza hubeba saa uliyopimwa, na mfumo hutafuta roboti ilikuwa imeelekea wapi saa hiyohiyo. Ikiwa leza imeunganishwa kwenye Raspberry Pi na hesabu ya magurudumu inafanyika kwenye laptopu, saa za kompyuta hizo mbili zinaweza kutofautiana. Tofauti ya sekunde 0.1 roboti ikigeuka radiani 1 kwa sekunde ni pembe ya radiani 0.1, na ukuta ulio mita 2 huhama sentimita 20. Sakinisha programu ya kusawazisha saa, `chrony`, kwenye zote mbili, moja iifuate nyingine. Raspberry Pi nyingi hazina betri ya saa, hivyo baada ya umeme kukatika na kurudi huwa zinaamka na saa ya zamani.

*Mwanachama wa Iringa:* Ndugu, kamera yangu ya kina inachora sakafu ikiwa imesimama wima kama ukuta, na vitu vya mbele vinaonekana vikielea juu ya roboti. Nimeipima kwa timazi kama ulivyoeleza.

*Jibu:* Timazi yako haina kosa. Picha hutumia mihimili ya aina nyingine: z huelekea mbele, x kulia na y chini. Data yako imo katika mihimili hiyo, lakini inasomwa kana kwamba x ndiyo mbele, kwa hiyo umbali wa mbele unahesabiwa kuwa kimo. Ongeza fremu ya pili iliyo mtoto wa `camera_link`, iite `camera_optical_frame`, bila kusogea hata kidogo, ila yenye `--roll -1.5708 --pitch 0 --yaw -1.5708`, kisha hakikisha ujumbe wa kamera unaitaja hiyo.

*Mwanachama wa Tukuyu:* Roboti yangu kwenye RViz inarukaruka baina ya sehemu mbili, mara hapa mara pale, ingawa kwenye sakafu imetulia. Ilianza nilipoongeza kichujio cha `robot_localization`.

*Jibu:* Una watangazaji wawili wa `odom` hadi `base_link`: kidhibiti cha magurudumu na hicho kichujio kipya. Kila mmoja ana jibu lake na mfumo hupokea yote mawili kwa zamu. Kizime kimoja. Ukiwa unatumia `diff_drive_controller`, weka hivi katika faili lake la mipangilio:

```
enable_odom_tf: false
```

Kidhibiti kitaendelea kutuma ujumbe wa mwendo, ambao kichujio kinauhitaji, lakini mgeuzo utatangazwa na kichujio peke yake.

*Mwanachama wa Makambako:* Nimesawazisha saa, na kweli kupinda kumekwisha. Lakini sasa nikizungusha roboti mizunguko mitano, kuta zinafunguka kama feni, na kila mzunguko unaongeza kidogo.

*Jibu:* Kosa la mahali pa leza hujirudia palepale kila mzunguko ukikamilika. Kinachoongezeka kila mzunguko ni hesabu ya magurudumu. Pima upya umbali baina ya magurudumu mawili, katikati ya tairi hadi katikati ya tairi. Katika mipangilio ya kidhibiti ni `wheel_separation`, kwa mita. Ikiwa roboti imezunguka mara tano kamili sakafuni, lakini `odom` inasema imezidisha nyuzi 36, hilo ni ongezeko la asilimia 2, kwa hiyo zidisha thamani uliyonayo kwa 1.02 kisha ujaribu tena.