Jezi nyekundu na kijani: jaribu kabla ya kutuma sampuli

Unapobadili rangi ya jezi kwenye picha, kitelezi cha Hue kinageuza nyekundu kuwa kijani, ila rangi hizo mbili bado zinaweza kukaribiana mng'ao. Asiyetofautisha rangi hizo anaweza kuona timu mbili za kahawia.

Kwenye programu ya picha ya GIMP fungua View > Display Filters, ongeza Color Deficient Vision, uchague Protanopia, kisha Deuteranopia, aina mbili za kutotofautisha nyekundu na kijani. Tulipoandaa jezi za shule mbili hapa Dodoma, nyekundu #B22222 na kijani #2E7D32 zilikaribiana mno. Nilipausha kijani hadi #A5D6A7, zikaachana hata kwenye picha ndogo ya simu.

Kugeuza picha kuwa ya kijivu ili kulinganisha mng'ao pekee hakutoshi: kwa mwenye protanopia, nyekundu ina giza kuliko inavyoonekana humo, na inaweza kumezwa na bukta nyeusi.