Bei ya mshumaa wa Heikin-Ashi si bei ya soko

Ukitumia chati ya Heikin-Ashi, ile ambayo mishumaa yake huchorwa kwa wastani wa bei, usiweke oda kwa kusoma pale mshumaa ulipofungia. Bei hiyo ni wastani tu, na huenda soko halipo hapo kabisa.

Tuseme mshumaa uliopita wa Heikin-Ashi ulifungua 100 ukafunga 104. Mpya utafungua katikati yake, yaani 102, hata kama soko limefungua 105. Kisha soko linapanda hadi 106, linashuka hadi 97, linafunga 98. Jumlisha bei hizo nne za soko, gawa kwa nne: 101.5. Chati inakuonyesha kiwiliwili chekundu kidogo, 102 hadi 101.5, na tambi ndefu juu na chini, wakati bei halisi imeporomoka pointi saba na iko 98.

Kwa kuwa kila mshumaa unafungua katikati ya uliotangulia, rangi hubadilika kwa kuchelewa na mapengo ya bei hufichika. Ukijaribu mkakati kwa data za nyuma ukanunua kwa bei hizi, faida itakayotokea ni ya kufikirika. Mimi huitumia chati hii kuangalia mwelekeo tu. Kikomo cha hasara nakipanga kwenye mishumaa ya kawaida.