Kabla hujagawanya kwa kipeo kikubwa cha x

Mei haiko mbali, na kidato cha sita hapa Mtwara wameshaanza kuniletea maswali ya vikomo. Wengi kanuni wanaijua: gawanya kila kipande kwa kipeo kikubwa cha x, halafu acha x iende infiniti. Wanapoteza maksi kabla hata ya kugawanya, kwa hiyo nitakaa zaidi hapo.

Chukua swali hili, x ikielekea infiniti:

(2x − 1)²(x + 3) / (7x − 2x³ + 5)

La kwanza, hakikisha kweli x inakwenda infiniti. Ikiwa inaelekea 2, au namba nyingine yoyote ya kawaida, njia hii weka kando. Pale utabadilisha x kwa namba yenyewe au utatafuta vigawo vya kufuta.

Pili, fungua mabano na upange vipande kuanzia kipeo kikubwa. Juu hapo macho yanaona mraba, mtu anaandika x² na kuendelea. Ukifungua unapata 4x³ + 8x² − 11x + 3. Chini nako kipande cha kwanza ni 7x, lakini mkubwa ni −2x³ aliyekaa katikati, tena na alama yake ya kutoa. Kuna na mtego wa upande wa pili: (x + 1)² − (x − 1)² inaonekana kama ya kipeo cha pili, kumbe x² zinafutana na kubaki 4x tu. Ndiyo maana sikubali mwanafunzi ataje kipeo kikubwa kabla hajafungua mabano.

Sasa gawanya kwa x³, juu na chini, kila kipande bila kuruka hata kimoja. Ile 5 isiyo na x ndiyo husahaulika. Nayo inakuwa 5/x³:

(4 + 8/x − 11/x² + 3/x³) / (7/x² − 2 + 5/x³)

Kila kipande chenye x chini yake kinakwenda sifuri. Kinabaki 4/(−2), yaani −2. Usiandike ∞/∞ halafu ukafuta ukapata 1. Infiniti si namba, na swali letu ni ushahidi: juu na chini vyote vinakua bila mwisho, lakini jibu ni −2. Mwenye kikokotoo aweke x = 1000; atapata kama −2.004. Kama kikokotoo kingetoa 2.004 chanya, ungejua kuna alama uliyoiacha njiani.

Swali linalogawanya darasa ni hili: kipeo kikubwa cha wapi? Vitabu vingine vinachukua kile cha sehemu nzima. Mimi nasema chukua kikubwa cha asili, yaani cha chini. Vipeo vikilingana hakuna tofauti. Cha juu kikizidi, tofauti inaonekana. Tazama (2x³ − 5x) / (x² − 4x + 1). Ukigawanya kwa x³, juu panabaki 2 na chini panakwenda sifuri. Sifuri hiyo inafikiwa kutoka upande wa chanya au wa hasi? Hujui mpaka uchunguze tena. Ukigawanya kwa x², unapata (2x − 5/x) / (1 − 4/x + 1/x²). Chini ni 1, juu ni 2x. Basi x ikienda infiniti chanya jibu ni infiniti chanya, ikienda hasi jibu ni infiniti hasi. Hakuna kubahatisha.

La mwisho ni kwa maswali ya maneno. Tuseme kikundi cha kubangua korosho Newala kimenunua mashine kwa shilingi 600,000, kila kilo ya korosho ghafi inagharimu shilingi 3,500 mpaka ibanguliwe, na kilo 20 za mwanzo ziliharibika wakati wa kujaribu mashine. Gharama kwa kila kilo iliyosalimika ni (3500x + 600000) / (x − 20). Kabla ya kugawanya, jiulize x ni nini. Ni kilo, kwa hiyo infiniti hasi haituhusu, na lazima x izidi 20. Gawanya kwa x, kikomo ni 3,500. Kwa kilo 1,000 gharama bado ni kama 4,184. Kwa kilo 100,000 inashuka hadi karibu 3,507. Akikuuliza mtunza hazina ni lini itafika 3,500 kamili, mwambie haifiki, itazidi kuisogelea tu kutoka juu.