Somo: Kotesheni imekubaliwa, sasa tuandike invoisi

Tuchukue fundi wa alumini wa Moshi aliyepata kazi ya nyumba ya wageni Njiro, Arusha. Kotesheni namba 041 ilisomeka hivi: madirisha 12 kwa 280,000 kila moja, kufunga 30,000 kwa dirisha, usafiri 150,000. Jumla ni 3,870,000 kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Ukiweka asilimia 18, yaani 696,600, inakuwa 4,566,600. Mteja alisaini, akalipa asilimia 60 ya awali, na salio alikubali kulipa ndani ya siku 14 baada ya kukabidhiwa kazi.

Hatua ya 1. Fungua kotesheni iliyosainiwa, siyo rasimu iliyobaki kwenye kompyuta. Mara nyingi kuna matoleo mawili matatu, na lile la kwanza ndilo lenye bei ya zamani, kabla hamjaipunguza.

Hatua ya 2. Ipe invoisi namba yake na tarehe yake, kisha andika "Kulingana na kotesheni Na. 041" na tarehe iliyosainiwa. Mstari wa "bei hizi ni halali kwa siku 30" uondoe, kazi yake imekwisha.

Hatua ya 3. Nakili mistari kwa maneno yaleyale na mpangilio uleule. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Ukiunganisha madirisha na ufungaji ukaandika "madirisha 12 @ 310,000", jumla haibadiliki hata senti, lakini mhasibu wa mteja anaona bei ya dirisha imepanda 30,000 na malipo yanasimama.

Hatua ya 4. Angalia kodi. Bei za kotesheni hazikuwa na kodi ndani yake. Programu ikiwa imewekwa kusoma bei kama zenye kodi tayari, jumla itaishia 3,870,000 na utakuwa umemtoza mteja pungufu kwa 696,600.

Hatua ya 5. Malipo ya awali yakae chini ya jumla kuu: 4,566,600 toa 2,739,960, salio 1,826,640. Usiyapunguze kwenye bei ya dirisha. Tarehe ya mwisho ya kulipa ihesabiwe kuanzia siku ya makabidhiano; programu nyingi huhesabu zenyewe kuanzia tarehe ya invoisi.

MASWALI

Mwalimu, mteja alinipigia simu niongeze dirisha la 13. Naliingiza humohumo?
Hapana, dada. Mtumie kotesheni ndogo ya dirisha hilo, akikubali kwa maandishi toa invoisi ya pili. Ile ya kwanza ibaki na 12.

Vioo vimepanda tangu asaini. Nifanyeje?
Kama kotesheni haikuwa na sharti la bei kubadilika, bei ni ileile. Unaweza kumwomba, ila kabla ya invoisi, na akikubali asaini kotesheni mpya.

Tulifunga madirisha 11, moja lilipasuka njiani. Niandike 12?
Kaka, ukitaka kutoza sasa, andika 11 kwa bei ileile, na la 12 litoze likishafungwa. Bei na masharti hayaguswi. Idadi ndiyo inayofuata kilichokabidhiwa.