Somo: Kupata beta ya hisa, na kusoma kikato bila kudanganyika

Katika chama chetu cha uwekezaji, beta haitusumbui sana. Kinachotupotosha ni ile namba ya pili inayotoka pamoja nayo, yaani kikato: pale mstari unapokata mhimili wa wima. Mtu akiona kikato ni chanya husema, "Hisa hii inalishinda soko." Nami niliwahi kununua hisa kwa hoja hiyohiyo, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Hatua ya 1: faida za kila mwezi. Chukua bei za mwisho wa mwezi kwa miezi 61, za hisa yako na za faharisi ya NASI ya Soko la Hisa la Nairobi. Bei ya mwezi huu toa ya mwezi uliopita, kisha gawanya kwa ya mwezi uliopita. Utapata faida 60. Weka za hisa safu ya B na za soko safu ya C. NASI hupima bei tu na haihesabu gawio, kwa hiyo usiongeze gawio upande wa hisa peke yake, la sivyo kikato kitavimba bure. Ukiona mwezi mmoja bei imeanguka nusu ghafla, chunguza kwanza kama kampuni iligawanya hisa zake.

Hatua ya 2: regresheni. Kwenye Excel, hisa hutangulia na soko hufuata:

```
=SLOPE(B2:B61,C2:C61)
=INTERCEPT(B2:B61,C2:C61)
```

Namba ya kwanza ndiyo beta. Tuseme umepata beta 0.5 na kikato asilimia 0.6 kwa mwezi.

Hatua ya 3: kusoma kikato. Asilimia 0.6 kwa mwezi ni zaidi ya 7 kwa mwaka, na hapo ndipo moyo hudunda. Tulia kwanza. Hisa ya beta 0.5 ni sawa na kuweka nusu ya pesa zako sokoni na nusu kwenye hati za Hazina za siku 91. Ile nusu ya Hazina inakulipa riba hata soko likilala. Kwa hiyo hata hisa isiyo na ubora wowote wa ziada inatarajiwa kuwa na kikato hiki:

```
Rf × (1 − beta)
```

Rf ni riba ya Hazina kwa mwezi. Ikiwa riba ni asilimia 12 kwa mwaka, basi ni 1 kwa mwezi, na 1 × (1 − 0.5) ni 0.5. Kikato chako ni 0.6, kwa hiyo kilicho cha hisa yenyewe, alfa, ni 0.1 tu. Riba ikiwa juu, hisa zote za beta ndogo huonekana hodari. Zile za beta zaidi ya 1 huonewa: kwa beta 1.4, kikato kinachotarajiwa ni hasi 0.4, na ukipata sifuri hiyo hisa imefanya vizuri.

Ukipenda, toa riba ya kila mwezi kwenye safu zote mbili kabla ya regresheni. Hapo kikato kitakuwa alfa moja kwa moja.

Hatua ya 4: je, ni bahati? Kosa sanifu la kikato ni hili:

```
=INDEX(LINEST(B2:B61,C2:C61,TRUE,TRUE),2,2)
```

Tuseme limetoka 0.8. Alfa ya kweli basi yaweza kuwa popote kati ya hasi 1.5 na chanya 1.7, takriban. Alfa ya 0.1 ndani ya upana huo haikuambii kitu, na miaka mitano ya data ndivyo ilivyo kwa hisa nyingi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mbona beta ya Safaricom hunijia karibu na 1 kila nikijaribu?*

Kwa sababu Safaricom ni kubwa mno ndani ya NASI yenyewe. Kuna wakati imebeba zaidi ya nusu ya thamani ya soko. Ni kama unailinganisha na kivuli chake. Iondoe kwanza, w ikiwa sehemu yake ya thamani ya soko mwanzoni mwa mwezi:

```
(Rm − w × Ri) / (1 − w)
```

Rm ni faida ya NASI na Ri ni ya Safaricom. Tumia jibu hilo kama soko lako, na kumbuka w hubadilika kila mwezi.

*Hisa yangu nimepata beta 0.15. Ndiyo kusema haina hatari?*

Ndugu, hesabu kwanza sifuri kwenye safu ya B. Zikiwa nyingi, hisa haiuzwi mara kwa mara, na bei unayoiona ni ya siku zilizopita. Habari za soko huifikia mwezi unaofuata. Ongeza safu ya faida ya soko ya mwezi uliotangulia, fanya regresheni kwa safu zote mbili za soko, kisha jumlisha miteremko. Njia hii ni ya Elroy Dimson, 1979. Jumla ikipanda hadi 0.5, tuseme, basi ile 0.15 ilikuwa bei zilizolala, na kikato chake usikisome kabisa.